Kupanga silabasi ya Excel: ipi ianze, ipi ifuate, na utajuaje umepanga vibaya

Silabasi nyingi za Excel za tuisheni za jioni na vyuo vidogo zinafanana sana. Wiki ya kwanza kuijua menyu, halafu kupaka rangi na kuchora mistari, halafu fomula, halafu SUM, AVERAGE, IF, VLOOKUP kwa kufuatana, halafu chati, na pivoti inawekwa mwisho kabisa kwa sababu eti ni mambo ya advansi. Mpangilio huo umefuata menyu ya programu, au kuna mtu alikopi kwa mtu ambaye naye alikopi, na hakuna aliyekaa akajiuliza mwanafunzi anahitaji kujua nini kabla ya nini. Ndo maana unakuta darasa zima limefika VLOOKUP, wanaandika fomula sawasawa kama ilivyo ubaoni, na bado majibu yanakuja nusu sahihi nusu makosa na hakuna anayejua kwa nini.

Hapa naonyesha jinsi ya kuipanga upya, na nitatumia kozi moja mwanzo mpaka mwisho: wiki 8, vipindi viwili kwa wiki, kwa watu wa duka, stoo na wasaidizi wa uhasibu. Njia yenyewe unaweza kuipeleka kwenye kozi nyingine, ila vitu vinavyotegemeana vitakuwa vyako.

Hatua ya 1: andika zoezi la mwisho, halafu lifanye mwenyewe

Usianze na orodha ya mada, anza na ile kazi ambayo mtu akitoka hapo lazima aiweze. Kwa kozi yetu ni hii: mwanafunzi anapewa fail la mauzo lina tarehe, namba ya bidhaa, idadi na jina la mteja, na pembeni kuna orodha ya bei. Anatakiwa avute bei ya kila bidhaa, azidishe apate jumla, akokotoe VAT ya asilimia 18, aweke alama kwa madeni yaliyopita siku 30, halafu atoe muhtasari wa mauzo kwa mwezi na kwa bidhaa.

Sasa kaa ulifanye lote wewe mwenyewe kwenye kompyuta na ulihifadhi likiwa na majibu. Kila ulichogusa ni mada. Ambacho hukukigusa kinatoka kwenye silabasi, hata kama unakipenda. Kwenye kozi hii SUMIF inatoka, kwa sababu muhtasari unatolewa na pivoti, na zile rejea za nusu kama `$A2` na `A$2` nazo zinatoka kwa sababu zinahitajika pale tu fomula inapokopiwa kwenda chini na pembeni kwa pamoja, na hapa hakuna sehemu kama hiyo. Kukata mapema kunasaidia sana, maana kila mada unayoibakiza inakuja na mahitaji yake nyuma.

Hatua ya 2: kila mada iwe ni tendo, kwenye kadi yake

Chukua karatasi ngumu uzikate vipande vidogo, kila kipande mada moja. Usiandike "VLOOKUP", andika "kuvuta bei kutoka kwenye orodha kwa namba ya bidhaa". Usiandike "IF", andika "kuweka alama kwa deni lililopita siku 30". Jina la fanksheni halikwambii mtu anahitaji nini kabla, ila tendo linakwambia. IF peke yake haina haja na tarehe hata kidogo, lakini alama ya deni haiwezekani bila tarehe, kwa hiyo ukiandika "IF" tu hitaji la tarehe linakupita.

Kwa kozi yetu zinapatikana kadi 10, nami nimezipa majina mafupi:

- aina: kutofautisha namba, maandishi na tarehe kwenye seli
- fomula: kuandika fomula inayoita seli, kama `=B2*C2`
- kunakili: kuvuta fomula iende mistari ya chini
- dola: kufunga seli moja, tukitumia kiwango cha VAT
- jedwali: kutengeneza jedwali safi lenye kichwa kimoja
- pivoti: kutoa muhtasari wa mwezi na wa bidhaa
- bei: kuvuta bei kwa VLOOKUP
- tarehe: kuhesabu siku kati ya tarehe mbili
- ulinganisho: swali la seli linalojibiwa TRUE au FALSE
- deni: kuweka alama kwa deni lililochelewa

Hatua ya 3: chambua jibu alama kwa alama

Hii ndo hatua yenyewe, na ndo inayorukwa na wengi, kwa sababu watu wanapanga kwa kujiuliza "ipi rahisi ipi ngumu". Swali hilo halisaidii, maana kitu kinaweza kuwa rahisi na bado kikategemea kingine. Uliza hivi: mtu asiyejua kadi hii nyingine, nikimpa hili zoezi na mfano wa fomula nikauacha mbele yake, atakwama wapi?

Tuchukue kadi ya bei. Namba za bidhaa zilizouzwa ziko A2 mpaka A20, orodha ya bei ina bidhaa tano, 101 mpaka 105, iko F2 mpaka G6. Jibu lako la hatua ya 1 ni hili:

```
=VLOOKUP(A2,$F$2:$G$6,2,FALSE)
```

Ipitie alama kwa alama. `A2` ni seli inayoitwa kwa jina lake, hapo unahitaji fomula. Fomula inavutwa mpaka mstari wa 20, hapo unahitaji kunakili. Halafu zile alama za dola. Mwanafunzi ambaye hajaielewa dola ataandika `F2:G6` na mstari wa kwanza utampa bei sahihi kabisa, atafurahi, atavuta chini. Kwenye mstari wa 3 lile eneo limeshuka limekuwa `F3:G7`, bidhaa 101 imeachwa nje, kwa hiyo kila 101 inayotokea kuanzia hapo inatoa `#N/A`. Mstari wa 4 na 102 nayo imeondoka. Ikifika mstari wa 7 eneo limekuwa `F7:G11`, ni seli tupu tupu, na kuanzia hapo kwenda chini yote ni `#N/A`. Kwa hiyo chora mshale wa kwanza, kutoka kadi inayotangulia kwenda kadi inayoihitaji: dola lazima iwe kabla ya bei.

Endelea. Weka dola sawasawa, ila namba ya bidhaa kwenye fail la mauzo iwe imehifadhiwa kama maandishi, jambo la kawaida kwa data zilizotoka kwenye programu nyingine. Kwa macho ni 101 na 101, Excel inaona vitu viwili tofauti, jibu ni `#N/A` tena. Hapo unahitaji aina. Dalili yake ni ndogo tu: namba halisi inakaa kulia mwa seli, maandishi yanakaa kushoto, na mara nyingi kuna kipembetatu cha kijani kwenye kona. Mtu ambaye hakufundishwa kuangalia hivyo hawezi kuigundua mwenyewe, atarudia kuandika fomula ile ile mpaka achoke.

Na ile FALSE ya mwisho inaiambia Excel itafute namba ile ile hasa. Ukiiacha, Excel inatafuta iliyo karibu na kuchukulia orodha imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, kwa hiyo bidhaa 107 ambayo haipo kabisa kwenye orodha itapewa bei ya 105 bila kelele yoyote. Hilo silihesabu kama mada ya kutangulia, linafundishwa hapo hapo ndani ya somo la bei, ila lazima lipewe dakika zake kwa sababu ni kosa lisiloonekana. (Kama darasa lenu lina Microsoft 365 au Excel 2021 mnaweza kutumia `XLOOKUP`, ambayo yenyewe inatafuta iliyo sawa bila kuambiwa, lakini mshale wa dola na wa aina unabaki pale pale. Ofisi nyingi bado zina 2016 na 2019, ambazo hazina hiyo fanksheni.)

Fanya hivyo kwa kila kadi. Mfano aina kabla ya fomula: mwanafunzi anaandika bei "5000/=" kama alivyozoea kwenye risiti, halafu `=B2*C2` inamrudishia `#VALUE!`. Na SUM ni mbaya zaidi, haitoi kosa, inairuka tu ile seli na jumla inapungua. Tarehe nazo hivyo hivyo, kwenye kompyuta iliyowekwa mfumo wa Kimarekani ukiandika 25/12/2024 inabaki kuwa maandishi kushoto mwa seli, na 03/04/2024 inapokelewa kama tarehe 4 mwezi wa tatu. Kwa hiyo kuitambua tarehe ya kweli niliiweka ndani ya kadi ya aina, mwanzo kabisa, na kadi ya tarehe ikabaki na hesabu za siku tu.

Hatua ya 4: futa mishale ya mazoea

Ukimaliza kuchora mishale rudi kwa kila mmoja uudai ushahidi. Kama huwezi kutaja sehemu hasa ambapo mtu atakwama, futa. Mshale ambao karibu kila silabasi inao ni ule wa kwamba pivoti ije baada ya VLOOKUP na IF. Fungua jibu lako la pivoti uangalie: hakuna fomula hata moja umeandika, umeburuta vichwa vya kolamu basi. Pivoti inataka jedwali safi, yaani kichwa kimoja juu, kila kolamu ina jina, hakuna seli zilizounganishwa, hakuna mistari mitupu katikati. Kichwa kimoja tu kikiwa kitupu unapata `The PivotTable field name is not valid`. Tarehe zikiwa zimechanganyika na maandishi unataka kuzikusanya kwa mwezi unapata `Cannot group that selection`. Makosa yote hayo mawili ni ya jedwali na aina, wala siyo ya fomula.

Maana yake ni kubwa kwa mpangilio. Pivoti inaweza kuja wiki ya 3, na mfanyakazi wa duka anaanza kuitumia kazini kwake kabla hata hajagusa dola. Wanaoacha kozi katikati, na wapo siku zote, wanaondoka na kitu.

Hatua ya 5: ukikuta mzunguko, kata mada vipande

Kuna sehemu mishale inazunguka. Silabasi za kawaida zina mada "Rejea za seli", ya kawaida na ya kufungwa, halafu mada "Kunakili fomula". Ipi ianze? Huwezi kunakili kwa akili bila kujua kwamba majina ya seli yanasogea, kwa hiyo rejea kwanza. Lakini huwezi kuona tofauti ya `B2` na `$B$2` mpaka unakili, kwa sababu kwenye seli moja zote zinatoa jibu lile lile, kwa hiyo kunakili kwanza. Hapo wengi wanachagua moja kwa nguvu na kumwambia mwanafunzi "kariri tu, utaielewa mbele", na kweli anakariri, anaanza kuweka dola kila mahali kama chumvi.

Mzunguko ukitokea ujue mada moja imebeba mambo mawili. Ikate. "Rejea" tumeikata ikawa fomula upande mmoja, yaani kuita seli kwa jina, na dola upande mwingine, na kunakili ikakaa katikati. Mpangilio wa darasa unakuwa hivi: wanaandika `=B2*C2`, wanavuta chini, wanabofya mstari wa 3 wanaona imekuwa `=B3*C3`, wanashangaa kidogo na kufurahi kwamba imejirekebisha yenyewe. Wanaishi na hilo kwa muda. Siku ya dola unaweka 18% kwenye E1, wanaandika `=B2*E1`, mstari wa kwanza sawa, wanavuta chini, na chini kote ni sifuri kwa sababu E2, E3 na zinazofuata ni tupu. Sasa swali limezaliwa kabla ya jibu, na `$E$1` inapokuja kila mtu anajua imekuja kufanya nini.

Hatua ya 6: zipange kadi

Kwa mkono ni rahisi. Nyuma ya kila kadi andika zile inazozihitaji. Tafuta kadi isiyohitaji kitu, hapa ni aina peke yake, iweke mezani, halafu kata jina lake nyuma ya kadi nyingine zote. Sasa fomula na jedwali zimebaki bila hitaji, weka yoyote, kata tena, endelea. Ukifika mahali umebaki na kadi na kila moja bado inahitaji nyingine kati ya hizo zilizobaki, una mzunguko, rudi hatua ya 5.

Kadi zikiwa nyingi, tuseme kozi ya mwaka mzima, mkono unachoka na unaanza kuruka. Kwenye Linux na Mac kuna amri `tsort` iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Andika fail la maandishi, kila mstari jozi moja, inayotangulia kushoto:

```
aina fomula
fomula kunakili
kunakili dola
dola bei
aina jedwali
jedwali bei
jedwali pivoti
fomula tarehe
fomula ulinganisho
tarehe deni
ulinganisho deni
kunakili deni
```

Lihifadhi kama `ramani.txt`, halafu:

```
tsort ramani.txt
```

Inakutolea mpangilio mmoja unaokubalika, na kama kuna mzunguko inaandika `input contains a loop` kwenye Linux, au `cycle in data` kwenye Mac, na kukutajia kadi zilizomo. Hiyo ya pili kwangu ndo faida kubwa, maana mzunguko wa kadi nne au tano jicho haliuoni.

Hatua ya 7: kati ya mipangilio mingi, chagua kwa umbali

Mipangilio inayokubalika iko mingi, pivoti unaweza kuiweka wiki ya 3 au ya 8 na hakuna mshale utakaovunjika. Hapo `tsort` haina msaada, unachagua wewe. Mimi naangalia vitu viwili. Kwanza mnyororo mrefu kuliko yote: aina, fomula, kunakili, dola, bei, ni kadi tano na kila moja inasubiri iliyo nyuma yake. Huo ndo unaoamua kozi itachukua muda gani, na somo moja likichelewa hapo kila kinachofuata kinasogea. Kwa hiyo usiuache uanze wiki ya 4.

Pili, umbali kati ya kitu kinapofundishwa na kinapotumika. Kutangulia peke yake hakutoshi. Dola ikifundishwa wiki ya 2 na bei ikaja wiki ya 7, kwenye karatasi uko sahihi ila darasani dola imeshasahaulika. Ama zisogeze zikae jirani, ama katikati weka zoezi linaloitumia. Tarehe na ulinganisho kwa mfano zingeweza kuja mapema kabisa, mara tu baada ya fomula, lakini zinatumika kwenye deni tu, kwa hiyo nazisukuma mwisho zikakae nayo. Jedwali liko mbali na bei, ila katikati kuna pivoti inayolitumia, linabaki hai.

Inatoka hivi. Wiki ya 1 aina na fomula. Wiki ya 2 kunakili na jedwali. Wiki ya 3 pivoti vipindi vyote viwili. Wiki ya 4 dola, kipindi cha pili kikiwa mazoezi matupu. Wiki ya 5 bei kwa data safi. Wiki ya 6 bei tena, sasa kwa data chafu zenye namba zilizogeuka maandishi, na hapo unaanza kwa kurudia aina dakika kumi hivi kwa sababu ni ya wiki ya 1. Wiki ya 7 tarehe kipindi kimoja na ulinganisho kingine. Wiki ya 8 deni, kwa fomula hii, ambapo B2 ni tarehe ya mauzo:

```
=IF(TODAY()-B2>30,"Amechelewa","")
```

halafu kipindi cha mwisho ni lile zoezi lenyewe la hatua ya 1. Ukiangalia hiyo fomula utaona mwanafunzi anakutana na kitu kipya kimoja tu, IF. `TODAY()-B2` ameshaiandika, `>30` ameshaiona ikijibu TRUE na FALSE kwenye seli yake yenyewe.

Kuna vitu ambavyo kozi haifundishi ila inavihitaji, kama kuhifadhi fail ukalipata tena na kujua asilimia 18 ya 50,000 ni ngapi bila Excel. Hivyo ni mishale inayotoka nje ya ramani. Viandike kwenye tangazo la kozi na uvipime siku ya kwanza kwa maswali machache, la sivyo mtu atakwama kwenye dola wewe ukadhani tatizo ni dola, kumbe ni asilimia.

Hatua ya 8: isomee makosa ya darasa

Kozi ikianza, weka karatasi pembeni na kila unapojisikia unasema "hii iandikeni tu hivyo hivyo, tutaielewa mbele", andika ni somo gani na ni kitu gani. Kila sentensi kama hiyo ni mshale uliousahau au umeuelekeza kinyume.

Halafu angalia umbo la makosa kwenye mazoezi. Mstari wa kwanza sahihi na wa chini vimeharibika: kadi ya dola haijashika, hata kama zoezi lilikuwa la bei. Mistari michache iliyotawanyika ina `#N/A` wakati jirani zake ni sahihi: angalia aina, au labda namba hiyo haipo kweli kwenye orodha. `#VALUE!` kwenye kuzidisha: aina tena, kuna mtu ameandika "Tsh" ndani ya seli. Pivoti inayokataa: jedwali. Wengi wakikosea kwa umbo moja, usirudie somo la siku hiyo, rudi kwenye kadi inayotajwa na hilo umbo, uipe zoezi fupi mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, na kwenye ramani ya awamu ijayo ongeza kipindi kwenye kadi hiyo au isogeze karibu na inapotumika, halafu upitie tena umbali wa kadi zilizobaki, kwa sababu ukisogeza moja kuna nyingine imeshaachwa mbali.